Programu imeondoka, mizigo imebaki: kutafuta na kufuta folda zilizoachwa ndani ya simu

“Fundi, niko nafuta kila siku, lakini simu inasema imejaa.”

Mama mmoja wa Katoyi aliniwekea simu mezani, hapa Birere, mjini Goma, kwa maneno hayo. Simu yake ni ya Android 11, yenye hifadhi ya GB 32, na siku hiyo ilikuwa imebakiwa na GB 0.7 tu. Kamera ilikuwa inakataa kupiga foto, ujumbe wa sauti haufunguki, na onyo la nafasi kuisha lilikuwa linatokea kila saa. Alikuwa ameshaondoa mchezo wa mwanawe na programu ya kurushiana filamu. Mchezo ulirudisha nafasi yake yote. Programu ya filamu, aliyoiona ndiyo nzito kuliko zote, ilirudisha MB chache tu. Alikuwa ameanza kuulizia bei ya simu nyingine.

Sikumshauri anunue. Ndani ya simu ile mlikuwa na GB 9.5 za vitu vilivyoachwa na programu zilizokwisha kuondolewa, wala hakuna programu iliyokuwa inavitumia. Ila miongoni mwa vitu hivyo kulikuwa na vingine ambavyo vikifutwa havirudi tena, na hapo ndipo kazi hii inapotaka subira. Kufuta ni dakika tano. Kujua cha kufuta kulituchukua mchana mzima.

Kwa nini mchezo ulisafishika na programu ya filamu haikusafishika

Fikiria kiwanja chenye vyumba vya kupangisha na ua mmoja wa wote. Mpangaji akihama, mwenye nyumba anaingia chumbani kwake na kufagia kila kitu. Lakini ndoo na mbao alizoziacha uani hakuna anayezigusa, kwa sababu uani vitu vya watu wote vimechanganyika, na mwenye nyumba hawezi kuapa kwamba ile ndoo si yako wewe.

Ndani ya Android, chumba cha programu ni folda iliyo ndani ya `Android/data`, yenye jina la ndani la programu, kwa mfano `com.fulani.mchezo`. Mafaili makubwa ya michezo hukaa jirani yake, ndani ya `Android/obb`. Ukiondoa programu, mfumo unafuta vyumba hivyo. Ua wa wote ni hifadhi ya pamoja, ile inayoandikwa `Stockage interne` kwenye simu zetu nyingi zilizowekwa kwa Kifaransa, na ambayo njia yake halisi ni `/storage/emulated/0`. Humo mna `DCIM`, `Pictures`, `Download`, `Movies`, `Music`, `Documents`, na folda nyingine ambazo programu zilijiundia zenyewe pembeni.

Kitu kilichowekwa uani kinahesabiwa kuwa ni chako, hata kama programu ndiyo iliyokileta. Filamu uliyorushiwa na jirani, foto uliyotumiwa na ndugu, wimbo uliopakua, vyote ni mali yako machoni pa mfumo, na ndiyo maana havifutwi programu inapoondolewa. Huo ni uamuzi wa makusudi, na naukubali. Hebu fikiria kuondoa programu ya kamera halafu foto zako zote ziondoke nayo.

Kuna historia kidogo inayosaidia kusoma unachokiona. Zamani programu yoyote iliyopewa ruhusa ya hifadhi iliweza kujijengea folda uani popote ilipotaka. Android 10, ya mwaka 2019, ilianza kubana mtindo huo, na Android 11, ya mwaka 2020, ikaubana kabisa kwa programu mpya, isipokuwa zile zinazopewa ruhusa maalumu ya kuingia kwenye mafaili yote. Kwa hiyo folda nyingi zenye majina ya programu unazozikuta juu kabisa ya `Stockage interne` ni mabaki ya enzi hiyo, hasa kwenye simu iliyoanza na mfumo wa zamani ikasasishwa baadaye.

Dalili: simu imejaa, lakini orodha ya programu haionyeshi kitu kizito

Hii ndiyo dalili ya kwanza, na ndiyo inayowapoteza watu. Wanafungua `Paramètres`, wanaingia kwenye `Applications`, wanapanga kwa ukubwa, hawaoni mkosaji. Hawatamwona, kwa sababu ukubwa unaoandikwa pale ni wa programu pamoja na chumba chake. Mizigo ya uani haihesabiwi kwa jina la programu yoyote. Inagawanywa kwenye mafungu ya video, foto, sauti, na mafaili mengine.

Kwa hiyo nenda `Paramètres`, kisha `Stockage`, uandike kwenye karatasi. Simu ya yule mama ilionyesha hivi: mfumo wenyewe GB 10, programu na vyumba vyake GB 7.6, nafasi iliyobaki GB 0.7. Toa hizo kwenye 32 na zinabaki GB 13.7. Hizo ndizo za uani. Kamera yake ilikuwa na GB 1.9 tu, maana yeye mwenyewe hapigi foto mara nyingi. Swali likawa: hizo nyingine karibu GB 12 ni za nani?

Fungua programu ya mafaili, ingia `Stockage interne`, na kabla ya kufanya lolote washa chaguo la kuonyesha mafaili yaliyofichwa. Folda yenye jina linaloanza na nukta haionekani bila kuwasha chaguo hilo. Kisha bonyeza kila folda kwa muda, fungua maelezo yake, uandike ukubwa. Tulipata hivi: folda ya `WhatsApp` GB 5.2, folda ya ile programu ya kurushiana filamu GB 4.3, `DCIM` GB 1.9, `Android` GB 1.2, `Download` GB 0.8, na folda ndogondogo zote kwa pamoja GB 0.3. Jumla 13.7, sawasawa na karatasi. Hesabu zikikutana namna hiyo unajua hakuna fungu lililokukwepa. Zisipokutana, na pengo likiwa kubwa, huenda programu yako ya mafaili haihesabu vilivyofichwa, au haina ruhusa ya kuona ndani ya `Android`.

Folda ya filamu haikuwa na fumbo. Programu yake haikuwapo tena, na faili la mwisho mle ndani lilikuwa la zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Tarehe ya faili la mwisho ndiyo kipimo ninachokiamini kuliko jina la folda. Jina linaweza kudanganya, kwa sababu programu mbili zinaweza kutumia folda moja. Lakini folda ambayo haijapokea kitu kwa miezi kumi na minane, kwenye simu inayotumika kila siku, haina mwenyewe. Humo tulikuta filamu, na kati ya filamu video moja ya harusi ya mdogo wake ambayo mpiga picha alimrushia. Tuliitoa kwanza. Mafaili ya programu za kurushiana kwa kawaida hupangwa kwa aina, video upande huu, foto upande ule, kwa hiyo ya familia yanalala pamoja na filamu. Fungua kila moja inayotiliwa shaka.

Dalili: galari ina albamu mbili zenye jina moja

Hapa ndipo penye hatari. Yule mama alikuwa na albamu mbili za `WhatsApp Images` kwenye galari. Aliona ya pili kama nakala tu na alikuwa karibu kuifuta yote. Nilimwomba asubiri.

“Mama, programu hii umewahi kuiondoa na kuirudisha?”

“Ndiyo, mwanzoni mwa 2022, ilikuwa inakwama. Nikairudisha, lakini mazungumzo ya zamani yakapotea. Hata sauti za dada yangu zilipotea.”

Jibu lile lilieleza kila kitu. Mpaka mwaka 2021 WhatsApp ilikuwa inaweka vitu vyake uani, kwenye folda ya `WhatsApp`. Kisha, kwa kufuata masharti ya Android 11, ikahamia `Android/media/com.whatsapp/WhatsApp`. Mtu aliyeipata kwa kusasisha tu kwa kawaida alihamishiwa vitu vyake. Lakini mtu aliyeiondoa na kuiweka upya kwenye Android 11 alikuwa na programu ambayo, kwa mfumo, ni ngeni kabisa. Programu iliyowekwa upya haihesabiwi tena kuwa mwenye mafaili iliyoyaunda kabla ya kuondolewa. Ikaanza maisha mapya kwenye folda mpya, na folda ya zamani ikabaki uani na GB 5.2 zake, haifunguliwi na mtu yeyote isipokuwa galari, ambayo inasoma foto popote inapozikuta. Ndiyo sababu ya albamu mbili. Hazikuwa nakala. Moja ilikuwa na foto za kuanzia 2022, na nyingine zile za kabla yake.

Kwa watu wa Goma, tarehe hizo zina uzito. Volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Foto za moto ule, za nyumba za Buhene kabla hazijafunikwa na lava, za watu barabarani kuelekea Sake tulipoambiwa tuondoke mjini tarehe 27, nyingi zilitufikia kwa WhatsApp katika miezi ileile ya mwisho ya folda ya zamani. Mara kadhaa nimekuta folda hiyo ikiwa mahali pekee zilipobaki. Anayeandika mtandaoni kwamba folda ya `WhatsApp` iliyo nje ni takataka, futa tu, hajui anachokisema.

Tuliichambua hivi. Ndani yake mna folda mbili kuu, `Databases` na `Media`.

`Databases` ilikuwa na GB 1.1: mafaili manane ya akiba ya mazungumzo, kila moja kama MB 140, yenye majina yanayoanza na `msgstore` na kuishia na `crypt` na tarakimu. Programu huhifadhi akiba za mpaka siku saba za mwisho, ndiyo maana yako mengi na yanafanana. Akiba hizo hazisomeki kwa macho, zimefungwa kwa ufunguo. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kurudisha akiba ya zamani hakuunganishi mazungumzo ya zamani na ya sasa. Ukirudisha ya 2021 unakuwa na ya 2021, na yaliyokuja baadaye hayamo. Kama huna akiba nyingine yoyote, usiguse folda hiyo. Yule mama alikuwa na miaka ya mazungumzo mapya asiyotaka kuyapoteza, kwa hiyo alichagua yaende ya zamani. Tulihifadhi lile moja la mwisho kwenye kadi ya kumbukumbu, mengine tukayaacha yafutwe.

`Media` ndiyo yenye utajiri. Video zilikuwa GB 2.3, na kati ya hizo GB 0.9 zilikuwa ndani ya `Sent`. Folda ya `Sent` inabeba nakala ya vitu ulivyotuma wewe mwenyewe, ambavyo mara nyingi asili yake bado iko kwenye kamera. Hiyo ni ya kufuta karibu bila wasiwasi, baada ya kuhakikisha asili ipo. Folda ya `.Statuses` ilikuwa na GB 0.3 za hali za watu alizozitazama zamani. Inaanza na nukta, kwa hiyo hajawahi kuiona. Ilifutwa mara moja.

Foto na video zilizobaki tulizichagua kwa jina. Kila faili lililopokelewa linabeba tarehe ndani ya jina lake, kwa mfano `IMG-20210523-WA0012.jpg` ni foto ya tarehe 23 Mei 2021. Panga folda kwa jina, na miezi inajipanga yenyewe. Hakuna haja ya kufungua maelfu ya foto za maua ya asubuhi njema. Ulizia matukio ya familia, msiba, harusi, ubatizo, mlipuko, nenda kwenye tarehe hizo na siku chache kandokando yake. Njia hii ina kikomo chake: tarehe ni ya siku faili lilipofika kwa WhatsApp, si siku foto ilipopigwa. Foto ya 2015 iliyotumwa 2021 itaandikwa 2021.

Kisha tukafungua `WhatsApp Voice Notes`. Folda hiyo ina faili dogo tupu linaloitwa `.nomedia`. Kazi yake ni kuwaambia galari na programu za muziki wasisome humo ndani, ili orodha yako ya nyimbo isijae ujumbe wa sauti. Kwa sababu hiyo sauti hazionekani popote, na watu wanaamini zimepotea. Ndani yake folda zimepangwa kwa mwaka na wiki, na mafaili yake yana majina kama `PTT-20210527-WA0004.opus`. Tulifungua la tarehe 27 Mei. Ilikuwa sauti ya dada yake, yuko njiani kuelekea Sake, anauliza watoto wamekula nini. Dada huyo alifariki mwaka uliofuata. Sauti zote za folda ile hazikufika hata nusu GB. Zilienda kwenye kadi nzima nzima, bila kuchagua.

Kadi ndiyo niliyopendelea kuliko kuzipandisha kwenye akiba ya mtandaoni, kwa sababu ya bei ya mega. Mwenye mtandao wa bei nafuu anaweza kufanya yote mawili. Na usihamishe, nakili. Ukihamisha GB nzima kwa pamoja na betri ikazimika katikati, utakuta mafaili ya nusunusu upande mmoja na pengo upande wa pili. Nakili, kisha linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wa folda pande zote mbili, kisha fungua matano au sita moja kwa moja kutoka kwenye kadi, ukichagua la mwanzo, la katikati na la mwisho. Hapo ndipo unafuta.

Dalili: nimefuta, lakini nafasi haikurudi

Tulifuta GB 9.5, tukarudi `Stockage`, na simu ikaonyesha GB 0.7 vilevile. Mama aliniangalia.

Tangu Android 11 mfumo una pipa la taka, `Corbeille`. Faili linalofutwa na galari au na programu nyingi za mafaili halifutwi papo hapo. Linabadilishwa jina tu, likapewa mwanzo wa `.trashed-` na namba ya siku litakapofutwa, na linakaa palepale kwenye folda yake kwa siku 30. Nafasi haiongezeki hata kidogo mpaka siku hizo ziishe au wewe umwage pipa. Ingia kwenye programu ileile uliyofutia, tafuta `Corbeille`, umwage. Ukifutia kwa galari, pipa ni la galari. Ukifutia kwa programu ya mafaili, angalia ya mafaili. Tulipomwaga, nafasi ilipanda kutoka 0.7 hadi GB 10.2.

Siku hizo 30 ni zawadi kwa mtu asiye na uhakika. Ikiwa simu haijabanwa sana, acha pipa lilivyo wiki mbili tatu, uone kama kuna unachokikosa.

Wakati mwingine mambo ni kinyume: faili limefutwa kweli, lakini galari bado inaonyesha kivuli cha kijivu kisichofunguka. Hiyo ni orodha ya mfumo ambayo haijasasishwa. Zima simu, iwashe, ngoja dakika chache.

Dalili: folda inafutwa, inarudi

Ikirudi tupu, na jina lake ni moja ya zile za mfumo kama `Music`, `Podcasts` au `Alarms`, iache. Simu inaziunda yenyewe na hazina uzito. Vivyo hivyo `.thumbnails`, ambayo ina foto ndogondogo za kuharakisha galari: ukiifuta itajengwa upya kwa kutumia betri yako, na baada ya wiki itakuwa na ukubwa uleule.

Ikirudi na vitu ndani, basi kuna programu hai inayoiandikia. Usiifute mara ya tatu, itafute programu hiyo. Angalia saa ya faili jipya na ukumbuke ulifungua nini dakika hiyo. Mara nyingi ni programu ya pili ya mtengenezaji yuleyule, au nakala ya pili ya programu uliyoiweka kwa kutumia namba mbili, ambayo hukuiondoa pamoja na ya kwanza. Angalia pia, kwenye `Paramètres`, ni programu zipi zenye ruhusa ya kuingia kwenye mafaili yote. Kwenye simu nyingi ninazozipokea, mojawapo ni programu ya “kusafisha simu”. Hizo siziweki kwa mteja yeyote. Hazijui tofauti kati ya sauti ya marehemu na takataka. Zinaona faili la zamani lisilofunguliwa.

Kama huna uhakika kabisa folda ni ya nani, ibadilishe jina badala ya kuifuta. `Fulani` iwe `Fulani_ngoja`. Programu inayoitegemea itaunda nyingine yenye jina la kwanza, au itaanza kulalamika, na hapo umempata mwenyewe. Unarudisha jina na hakuna kilichoharibika. Wiki mbili zikipita kimya, futa. Folda moja usiibadilishe jina kamwe: `Android`.

Kwa mwenye kompyuta

Simu yenye folda themanini inachosha kupima kwa kidole. Gusa `Numéro de build` mara saba kwenye taarifa za simu, washa `Débogage USB`, chomeka kebo, na kompyuta yenye `adb`, chombo cha kuipa simu amri za maandishi kupitia kebo, itakupangia folda zote kutoka ndogo hadi kubwa:

```
adb shell "du -k -d 1 /sdcard/ | sort -n"
```

Namba zinazotoka ni za KB. Gawa kwa milioni moja hivi upate GB kwa makadirio. Kisha linganisha folda zilizomo ndani ya `Android/media` na programu zilizopo:

```
adb shell ls /sdcard/Android/media
adb shell pm list packages -3
```

Jina lililo kwenye orodha ya kwanza na halimo kwenye ya pili linastahili kuchunguzwa, ingawa programu zilizokuja na simu hazitokei kwenye orodha hiyo ya pili. Ukiondoa `-3` utaziona nazo. Kufuta kwa amri ya `rm -r` sikufundishi hapa. Amri hiyo haina pipa, na nafasi tupu moja kati ya herufi, iliyowekwa kimakosa katikati ya njia, inatosha kufuta folda jirani. Pima kwa kompyuta, futa kwa programu ya mafaili.

Dalili: mabaki yako kwenye kadi, na simu inakataa kuyafuta

Huku kwetu kadi inahama kutoka simu hadi simu. Programu ikiondolewa wakati kadi iko nje, au kadi ikitolewa kwenye simu iliyokufa, chumba cha programu ndani ya `Android/data` ya kadi hakifutwi na mtu. Kwenye simu mpya programu yako ya mafaili hairuhusiwi kuingia humo, kwa hiyo unaona ukubwa na huwezi kugusa. Toa kadi, iweke kwenye kisomaji cha kompyuta, na folda zote zitaonekana kama kawaida. Kadi iliyounganishwa na simu kama sehemu ya hifadhi ya ndani haisomeki kwingine, hiyo itashughulikiwa ndani ya simu yake tu.

Ukifuta vitu kwenye kadi, ukaitoa na kuirudisha, ukakuta vyote vimerudi kama vilivyokuwa, usitafute kosa kwenye folda. Kadi yenyewe inakufa, imejifunga isiandikwe tena, na simu ilikuwa inakuonyesha kumbukumbu yake ya muda tu. Bado inasomeka, kwa siku au kwa wiki, haijulikani. Nakili kila kitu leo hiihii, ukianza na sauti na foto za watu.